Kufunga mwezi wakati pesa ziko mifuko mitano

Meseji ya "umepokea" ndiyo inayotudanganya zaidi sisi tunaoishi kwa kazi za kujitegemea. Simu ikilia, moyo unaruka, na kichwani tunaongeza kiasi hicho juu ya kile cha jana. Mwezi ukiisha tunajua takriban meseji zilizoingia zilikuwa za shilingi ngapi, lakini ukituuliza tumebaki na nini, tunaanza kufungua programu moja baada ya nyingine, *165# halafu *185#, kisha benki, kisha akaunti ya dola, na jibu halitoki.

Mimi ni mtafsiri hapa Kampala, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wenzangu kupanga vitabu vyao vya pesa: wapiga picha, wachoraji, watu wa sauti na video. Nataka nieleze jambo moja tu, namna ya kufunga mwezi ili upate salio la kweli, na nitalieleza kwa hesabu ya dada mmoja anayehariri video na kuweka manukuu, mkazi wa Kireka. Ameniruhusu niitumie. Viwango nimevisawazisha kidogo na bei ya dola nimeishika kwenye 3,600 ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

Alinijia mwishoni mwa Septemba akiwa na daftari na simu mbili. "Kaka, mwezi huu nimeingiza milioni nne na nusu. Nimejumlisha meseji zote mwenyewe. Mbona nimelipa ada ya shule ya mdogo wangu kwa woga?"

Alikuwa amejumlisha sawasawa. Benki ilipokea 1,410,000 kutoka shirika moja la hapa mjini, na baadaye 700,000. MoMo, pesa ya simu ya MTN, ilipokea 600,000, halafu 300,000. Airtel Money ikapata 250,000 za kazi ndogo ndogo. Payoneer, akaunti yake ya dola ya mtandaoni, ilipokea dola 360 kutoka kwa mteja wa mtandaoni, yaani 1,296,000. Ukijumlisha unapata 4,556,000. Kila tarakimu ni ya kweli, na kila meseji ilikuwepo kwenye simu.

Sasa tazama zile 700,000 za benki. Zilikuwa dola 200 alizozitoa Payoneer kwenda benki. Dola hizo hizo zimo tayari ndani ya zile 360 na salio la zamani, kwa hiyo zilihesabiwa mara mbili. Zile 300,000 za MoMo nazo alijitumia mwenyewe kutoka benki. Hapo milioni moja nzima imeyeyuka, kwa sababu haikuwahi kuwa mapato. Ilikuwa pesa yake ikihama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Bado zile 600,000. Hizo ni malipo ya awali, nusu ya bei, ya kurekodi na kuhariri kwanjula, sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa, kule Masaka mwezi wa Oktoba. Sherehe haijafanyika, kamera haijawashwa. Ikiahirishwa au familia ikaghairi, pesa hiyo inatakiwa kurudi.

Ukiondoa hizo, mapato ya Septemba ni 2,956,000. Ni pesa nzuri. Ila haifanani na milioni nne na nusu, na mtu anayepanga maisha kwa milioni nne na nusu lazima aogope ada ya shule.

Kinga ya kosa hili ni kuipa kila pesa inayotembea aina yake siku ile ile inapotembea. Mimi natumia aina nne tu, na sijaona kazi ya frilansa iliyohitaji zaidi. MAPATO ni malipo ya kazi iliyokamilika. MATUMIZI ni pesa iliyotoka mikononi mwako isirudi. HAMISHO ni pesa inayohama kati ya mifuko yako mwenyewe. AMANA ni pesa iliyo kwako lakini bado ni ya mtu: malipo ya awali, pesa uliyopewa umlipie mpiga ngoma, na mkopo. Hili la mkopo watu wengi hulisahau. Ukikopa MoKash, huduma ya akiba na mikopo ndani ya MoMo, simu inalia vile vile kama umelipwa, na meseji inakaa katikati ya meseji za wateja. Kwenye kitabu mkopo unaingia kama AMANA, na siku unapolipa unatoka kama AMANA. Riba pekee ndiyo MATUMIZI.

Mifuko nayo iorodheshwe yote kabla ya kuanza, pamoja na ile tunayojifanya hatuioni. Huyu dada alikuwa na mitano: MoMo, Airtel Money, akaunti ya benki ya shilingi, Payoneer, na pesa taslimu kwenye mkoba. Taslimu ni mfuko kamili. Ukitoa laki tano kwa wakala hujatumia chochote bado, umezihamisha tu. Na ukiwa na akiba ndani ya MoKash, huo ni mfuko mwingine, kwa sababu haionekani kwenye salio la kawaida la MoMo.

Jedwali lenyewe halina mambo mengi. Kwenye Google Sheets au Excel weka safu nne: A ni tarehe, B ni mfuko, C ni aina, D ni kiasi. Pesa ikiingia andika namba ya kawaida, ikitoka weka alama ya kutoa mbele. Mwanzo wa mwezi anza jedwali jipya, na kila mfuko unapata mstari wake wenye aina MWANZO na salio la siku hiyo. Kwa dada yetu mianzo ilikuwa MoMo 180,000, Airtel 40,000, benki 950,000, Payoneer dola 120 ambazo ni 432,000, na taslimu 60,000. Jumla 1,662,000. Ukiwa na mistari hiyo, salio ambalo mfuko wowote unapaswa kuwa nalo linapatikana hivi:

```
=SUMIFS(D:D,B:B,"MoMo")
```

Utamu wa jedwali hili uko kwenye HAMISHO. Kila hamisho lina mistari miwili, mmoja wa mfuko uliotoa na mmoja wa mfuko uliopokea, na kila mstari unaandika kile ambacho mfuko ule wenyewe unaonyesha. Dada alipotoa 500,000 kwa wakala, MoMo ilipungua 509,500, maana kuna ada ya kutoa na juu yake ule ushuru wa serikali wa asilimia 0.5, ambao kwa laki tano ni 2,500. Basi MoMo inaandikwa -509500, na taslimu inaandikwa 500000. Alipojitumia kutoka benki, benki ilipungua 303,000 na MoMo ikapata 300,000. Dola 200 kwa bei yetu ya 3,600 ni 720,000 zilizotoka Payoneer, lakini benki ilipokea 700,000. Kisha uliza jedwali:

```
=SUMIFS(D:D,C:C,"HAMISHO")
```

Jibu likawa -32,500. Pesa uliyoitoa mfuko wa kushoto na kuiweka wa kulia ingetakiwa kujumlishwa ikawa sifuri. Kilichobaki ndicho ulicholipa kwa kuihamisha. 9,500 kwa wakala, 3,000 kwa benki, na 20,000 kwenye kubadilisha dola. Hakuhitaji kuandika ada hata moja peke yake. Na namba hii inakulinda pia. Ukiona HAMISHO ni -300,000 na kitu, ujue kuna mstari mmoja uliosahau kuuandika, yaani pesa imetoka benki na haikufika popote. Ukiona ni namba chanya, na bei ya dola haikupanda katikati ya mwezi, hapo kuna kosa la hakika, kwa sababu hakuna benki wala mtandao unaokuongezea pesa kwa kuihamisha. Mwaka mzima nikiangalia vitabu vya wenzangu, namba hii ndiyo ninayoifungua kwanza.

Inakufundisha jambo jingine pia: ni njia ipi inayokula zaidi. Wengi hulalamikia ada ya wakala kwa sababu wanaiona kwenye meseji. Ile 20,000 ya kubadilisha dola haina meseji. Imejificha ndani ya bei: dola 200 zikileta 700,000, umeziuza kwa 3,500 wakati bei tuliyoishika ni 3,600. Bila kuweka mistari miwili kando kwa kando, hutaiona kamwe.

Hapo tumefika kwenye dola, na ni muhimu kuwa na msimamo mmoja. Akaunti ya dola ihesabiwe kwa dola. Ongeza safu E ya kiasi cha dola, weka bei ya mwezi kwenye kisanduku kimoja, na D ijikokotoe yenyewe:

```
=E12*$H$1
```

Bei hiyo mimi naichukua kwenye viwango ambavyo Benki Kuu ya Uganda huvitangaza, ya siku ya kwanza ya mwezi, na siigusi mpaka mwezi uishe. Ukibadilisha bei kila siku, salio litapanda na kushuka bila wewe kufanya kazi wala kutumia chochote, na kutafuta tofauti kutakuwa mateso. Mwezi mpya ukianza na bei mpya, tofauti iandike kando. Dada alifunga Septemba na dola 250, ambazo kwa 3,600 ni 900,000. Kama Oktoba inaanza kwa 3,550, dola zile zile ni 887,500. Shilingi 12,500 zimeondolewa na soko, hakuna aliyezila, na hazina haja ya kutafutwa mkobani.

Sasa kufunga mwezi kwenyewe. Kazi hii inafanywa kwa kukaa chini mara moja, si kwa vipande, kwa sababu salio unalosoma leo na salio unalosoma kesho si vya siku moja. Jioni ya tarehe ya mwisho soma kila mfuko na uandike ulichokiona: MoMo 420,500, Airtel 90,000, benki 1,857,000, Payoneer dola 250, taslimu 40,000 baada ya kuzimwaga mezani na kuzihesabu. Jumla ya mifuko yote ni 3,307,500.

Kisha linganisha na kile ambacho jedwali linasema. Dada alianza na 1,662,000, akaingiza mapato ya 2,956,000 na amana ya 600,000. Matumizi aliyoyaandika yalikuwa 1,838,000: kodi ya nyumba 500,000, ada ya mdogo wake 400,000, chakula na bodaboda 480,000, data 150,000, msaidizi wa manukuu 200,000, na programu ya kuhariri dola 30. Gharama ya kuhamisha ni 32,500. Jedwali linasema abaki na 3,347,500. Mifuko inasema 3,307,500. Kuna 40,000 hazionekani.

Usianze kuzitafuta kwenye orodha nzima ya miamala. Linganisha mfuko kwa mfuko, maana mifuko minne ikikubaliana, tatizo liko kwenye wa tano peke yake. MoMo sawa, Airtel sawa, benki sawa, Payoneer sawa. Taslimu ilipaswa kuwa 80,000 na ipo 40,000. Karibu kila mara inaishia hapo, kwa sababu pesa taslimu haiachi meseji. Alikaa kimya, akakumbuka mchango wa msiba na fundi wa mabomba, kiasi hasa hakukumbuka. Tukaandika mstari mmoja wa MATUMIZI, taslimu, -40000, "haijulikani", tukasonga mbele. Kuna wanaokesha wakitafuta shilingi ya mwisho. Mimi nasema acha. Cha kuangalia ni kama hiyo "haijulikani" inakua. Ya elfu arobaini kwenye matumizi ya milioni moja na laki nane inavumilika. Ikifika laki mbili, basi punguza kutoa taslimu na ulipe bodaboda na duka kwa simu, maana kitu kinachoandikwa na mtandao hakihitaji kumbukumbu yako.

Tofauti ikiwa kwenye MoMo au Airtel, pakua taarifa ya miamala kwenye programu ya mtandao husika badala ya kutegemea meseji. Meseji hufutwa simu ikijaa, na ukibadilisha simu zinabaki kule. Ikiwa ni benki, kwanza angalia makato ya mwezi ya kuendesha akaunti, ambayo mara nyingi huingia siku za mwisho wakati wewe umeshafunga kitabu.

Basi 3,307,500 ndizo alizonazo. Za kwake kweli ni ngapi? Ondoa amana ya Masaka, 600,000, inabaki 2,707,500. Alianza mwezi na 1,662,000 zisizo na deni la mtu, kwa hiyo Septemba imemwongezea 1,045,500. Hiyo ndiyo faida ya mwezi, na inalingana na mapato kutoa matumizi, ukiweka pamoja ada za kuhamisha na ile haijulikani. Njia mbili tofauti, jibu moja. Zisipokutana, kuna kitu kimewekwa aina isiyo yake, na mara nyingi ni malipo ya awali yaliyoandikwa kama mapato.

Kodi nayo ina sehemu yake. Lile shirika lilipaswa kulipa 1,500,000, likakata kodi ya zuio ya asilimia 6, yaani 90,000, ndiyo maana zikaingia 1,410,000. Zile 90,000 usiziweke kwenye mifuko kwa sababu huzishiki, lakini usizitupe pia. Ziandike kwenye ukurasa wa pili pamoja na namba ya ankara na jina la aliyekata, kisha uombe cheti chake. Wakati wa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yako, kwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, mapato yako ya kazi ile ni 1,500,000 kamili, na zile 90,000 zinahesabiwa kama kodi uliyokwisha kulipa. Asiye na cheti hulipa kana kwamba hakukatwa chochote. Mwaka wa kodi hapa unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, kwa hiyo ukurasa huo pia ufunguliwe Julai, usiufuate mwaka wa kalenda. Kwa kodi itakayobaki kulipwa, dada aliamua kutenga takriban sehemu moja ya kumi ya mapato, 300,000. Kiwango chako kitategemea unavyotozwa, na hilo linafaa kuulizwa URA au kwa mhasibu kabla ya kuchagua namba. Baada ya kutenga, salio lake la kweli likawa 2,407,500.

Namba hii igawe kwa matumizi ya mwezi yanayojulikana, 1,838,000. Inapatikana mwezi mmoja na siku kama tisa. Maana yake, wateja wote wakinyamaza kuanzia tarehe 1 Oktoba, anaweza kuishi kama alivyoishi mpaka wiki ya pili ya Novemba, bila kugusa pesa ya kwanjula wala ya kodi. Kwa mtu asiye na mshahara, hiyo inamsaidia kuamua kuliko jumla yoyote ya mapato. Ada ya mdogo wake alikuwa ameilipa kwa woga. Sasa anaweza kuona muhula ujao unahitaji nini na lini.

Limebaki swali la pesa iliyo njiani, ambalo huulizwa kila mara. Upwork, soko la kazi za mtandaoni, kwa mfano, wiki ya kazi ya kulipwa kwa saa hufungwa Jumapili na pesa inaweza kutolewa siku 10 baadaye. Kazi ya bei moja, siku 5 baada ya mteja kuidhinisha. Ankara za mashirika hukaa mwezi na zaidi. Je, wiki ya mwisho ya Septemba ni pesa ya Septemba? Kwangu mimi hapana. Pesa inaingia kitabuni siku unayoweza kuitoa, basi, na kanuni hiyo isibadilike mwezi ukiwa mbaya. Ukiihesabu mapema Septemba ili ujifariji, Oktoba utaihesabu tena itakapotua. Kilicho njiani kiandike pembeni, na tarehe unayoitegemea, bila kukijumlisha.

Zile 600,000 za Masaka zitakaa AMANA mpaka kazi ikabidhiwe. Siku familia itakapoipokea filamu, dada ataandika mistari miwili kwenye mfuko wa MoMo, -600000 AMANA na 600000 MAPATO. Salio la MoMo halitasogea hata shilingi moja, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu pesa ilishaingia Septemba. Kilichobadilika ni mwenye pesa hiyo. Nusu ya pili wakiilipa, hiyo inaingia moja kwa moja kama MAPATO ya Oktoba.